Mama Mkwe Kiti cha Ishirini na Mbili

Baltazar alikuwa ameshasimama na kukaa mara tisa tangu Makambako. Si kwamba kiti cha treni kilimchoma, ni ukwe uliomchoma. Mama mkwe wake, Bi Kunigunda wa Lituhi, alikuwa viti vitatu nyuma yake, na kwa heshima za kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumgusa. Basi akatazama milima mpaka ikamchosha.

"Huyu mama ni wa nani?" abiria mmoja akauliza kwa sauti. "Analowa jasho, anatetemeka, maneno yake hayaeleweki!"

Baltazar akajua ni mama mkwe wake. Jana, ndani ya basi la Songea, mama alimeza kidonge chake cha ugonjwa wa sukari. Leo asubuhi akameza kingine. Na kapu lake la ugali na usipa, dagaa wa ziwani kwao, halikufunguliwa hata mara moja. Angelifunguaje? Mama mkwe hatafuni mbele ya mkwe wake.

Abiria yule akanyoosha mkono kwenye mpini wa breki ya hatari. Baltazar hakungoja. Alikimbia hadi chumba cha mhudumu, mwisho wa behewa.

"Kaka, kuna mgonjwa! Behewa hili, kiti cha ishirini na mbili. Ana ugonjwa wa sukari, kameza dawa, hajala tangu jana."

Florian, mhudumu, alitoka mbio. "Usivute hiyo!" akamfokea abiria. "Hapa ni mahandaki na madaraja tupu. Tukisimama porini, daktari atatoka wapi?" Akaagiza gadi, msimamizi wa treni, aarifiwe, apige redio Mlimba wamsubiri mgonjwa stesheni, kisha akapita akiita muuguzi.

Muuguzi alipatikana behewa la pili, jina lake Bonifasia. Florian akamweleza yote, naye akamwinamia mgonjwa.

"Mama, unanisikia? Meza mate." Akameza. "Vizuri. Leteni soda na sukari upesi. Angekuwa amezimia, tusingemtia kitu mdomoni. Wewe uliyeleta habari, mkalishe, mshike mgongo."

"Mimi? Mimi ni mkwe wake."

"Mkwe ana mikono?"

Behewa zima likamtazama. Baltazar aliona aibu, akaona na hofu, na hofu ikashinda. Akapiga magoti, akamkumbatia mama wa mke wake, akamshikia chupa ya soda iliyoletwa, naye akanywa kidogo kidogo. Mama alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Baltazar alitaka kulia: heshima yake ndiyo iliyomlaza mwanamke huyu na njaa.

Dakika zilikwenda. Jasho likapungua, macho yakatulia, yakamwona. Bi Kunigunda akajaribu kujivuta, akashindwa.

"Mkwe, ni wewe umenishika?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Treni ikayumba juu ya daraja.

"Basi usiniachie," mama akasema. "Na unipe usipa, nina njaa."