Usiku wa Kuamkia

Nathaniel hajui kusema hapana. Watu wanamsifu, eti mwenyekiti wetu ana roho nzuri, na mimi ninayekaa na kalenda ya vifaa ndiye ninayeitwa Leonsia mkali. Acha niitwe hivyo. Kikundi chetu cha vijana hapa Mabatini kina seti moja tu ya spika na jenereta moja, na wanaovitaka ni nusu ya Mwanza. Kabla sijakabidhiwa kalenda, kila mjumbe alikuwa anaahidi anavyojisikia. Siku moja harusi mbili zilikutana mlangoni kwetu na mabwana harusi nusura washikane mashati.

Kwa hiyo nikaweka utaratibu. Kalenda kubwa nimeibandika ukutani dukani kwangu, pale ninapotoa fotokopi, kila mtu aione. Anayeomba kifaa namwandika kwa penseli: saa kinapotoka, saa kinaporudi, na mahali kinapokwenda. Siandiki siku tu, maana kifaa kikiwa bado njiani hakijarudi, hata kama shughuli imekwisha jana. Halafu namwita mwombaji mwenyewe, anarudia kwa mdomo wake, ndipo napitisha kalamu. Penseli ni maombi, kalamu ni ahadi. Mtoto wa darasa la pili anaelewa.

Nathaniel haelewi. Yeye mtu akimpigia simu, jibu ni moja, "Haina shida."

Jumamosi ninayoisimulia mwenye zamu alikuwa Dorcas. Dorcas ni mwenzetu kikundini, na fani yake ni muziki wa shughuli. Anajua kuzipanga spika ukumbi mzima ukasikia bila mtu kuziba masikio. Shida yake ni kwamba hana spika zake, na kazi anazopata ni za majirani wanaomlipa pilau. Sasa shule moja ya sekondari kule Ilemela ikamwita afunge muziki kwenye mahafali ya kidato cha nne. Mwalimu wa shughuli akamwambia wazi: ukifanya vizuri, za mwaka mzima ni zako, ukituangusha, tusijuane. Alikuja dukani kuniambia huku anarukaruka. Nikamwandika, akarudia mwenyewe, nikapitisha kalamu: vinatoka Jumamosi alfajiri, vinarudi saa kumi jioni.

Siku mbili baadaye Nathaniel akaingia. "Leonsia, mzee Rwehumbiza wa Kigongo anataka spika na jenereta Jumamosi usiku. Mkesha wa kumbukumbu ya marehemu mkewe."

Nikaangalia. Dorcas anarudisha saa kumi, mzee anavitaka usiku. Vinatosha. Nikaandika kwa penseli, nikamwambia, "Nipe namba yake nimpigie."

"Wewe! Mzee wa watu hasumbuliwi na simu za watoto. Nimeshaongea naye mimi." Akachukua kalamu mezani kwangu, akapitisha mwenyewe juu ya penseli yangu. Mbele ya wateja. Nikarudi kwenye fotokopi zangu, maana kugombana na mwenyekiti mbele za watu nako ni aibu.

Ijumaa mchana, jua linawaka, pikapu ikasimama mlangoni. Akashuka kijana mmoja mstaarabu, shati jeupe. "Habari za kazi, dada. Mimi Revocatus, mpwa wa mzee Rwehumbiza. Nimefuata spika na jenereta."

"Karibu, kaka. Lakini ni kesho."

"Ni leo, dada. Mkesha ni usiku wa leo, asubuhi misa."

Nikamwonyesha kalenda. Akaisoma, akatikisa kichwa. "Hapana. Mjomba alisema usiku wa kuamkia Jumamosi. Nilikuwa nimekaa pembeni yake akipiga simu."

Usiku wa kuamkia Jumamosi! Usiku wa kuamkia Jumamosi ni Ijumaa, hata bibi yangu aliyesoma ngumbaru anajua. Nathaniel alikuwa amemeza neno "kuamkia" akanitapikia Jumamosi.

Nikampigia, akaja mbio, jasho linamtoka. Nilipomuuliza mzee alisemaje, akakuna kichwa. "Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, Nathaniel! Ni siku nzima!"

Na Dorcas naye akaingia, amekuja kukagua nyaya zake. Ikabidi aelezwe. Revocatus alikuwa na huruma, lakini afanyeje? Ndugu wameshatoka Bukoba, turubai limefungwa, padri ameitwa. Spika za kukodi hakuna, msimu wa mahafali zote mjini zina wenyewe. Mimi nikasema kalenda ndiyo inayosema, spika hazitoki. Nathaniel akasema mzee wa watu hawezi kuabishwa mbele ya ukoo kwa sababu ya disko la wanafunzi.

"Si disko," Dorcas akasema taratibu. "Ni kazi yangu."

"Misa inaisha alfajiri," Nathaniel akasema. "Utakuwa Ilemela kabla hata walimu hawajaamka. Haina shida."

Nilitamani kumrushia mashine ya fotokopi. Dorcas aliangalia spika, akamwangalia Revocatus, akanigeukia mimi. Nilijua anachofikiri: mzee amefiwa, nani atamnyima? Mwisho akasema, "Basi nakwenda nazo mwenyewe. Kukipambazuka nafungua nyaya, tunaondoka." Wakapakia. Nami nikabaki nimesimama mbele ya kalenda yangu.

Asubuhi nilikwenda Ilemela mapema nimsaidie kushusha. Langoni hakuna pikapu. Nikapiga simu. Nyuma ya sauti yake niliwasikia watu wanaimba.

"Padri alichelewa," alisema kwa kunong'ona. "Misa ndiyo imeanza."

"Dorcas, zima!"

"Wanataja jina la marehemu, Leonsia. Mzee analia. Nizime vipi?"

Ungekuwa wewe ungezima?

Wazazi walianza kuingia na maua na keki. Mwalimu wa shughuli alitoka mara mbili kuangalia barabara, mara ya tatu akatoka na simu sikioni. Haukupita muda gari jingine likaingia na spika ndefu nyeusi, na vijana waliovaa fulana za kufanana. Nikamfuata mwalimu, nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari ya kuamkia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Pole, lakini nina wazazi mia tatu ndani." Ningemlaumu nini? Alikuwa na haki.

Pikapu ya Revocatus ilifika wahitimu wakiwa wanaingia ukumbini kwa maandamano. Muziki ulikuwa unasikika vizuri, tena vizuri sana, hadi barabarani. Dorcas alikuwa amekaa nyuma juu ya spika, macho mekundu kwa kukesha, nyaya amezizungusha begani tayari kwa kazi. Alisikiliza kidogo.

Simu yangu ikaita. Nathaniel. Anataka kujua spika zitarudi saa ngapi, kuna mtu wa Jumapili ameshamkubalia. Nilimtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana mtu, Mungu anisamehe, nikaikata.

Mlinzi wa lango akatujia. "Jamani, hii pikapu inaziba njia. Wageni wanashindwa kuingia. Isogezeni."

Revocatus akawasha gari, lakini nyuma kulikuwa kumejaa magari, haoni anakokwenda. Dorcas akaruka chini na nyaya zake begani, akasimama barabarani, akainua mikono kumwelekeza.

"Rudi," alikuwa anasema, sauti imekauka. "Rudi. Rudi tena. Wapishe wapite."