Nyusi za Rajab

Vumbi la soko la Kalerwe wakati wa kiangazi si la mchezo. Nimeona jogoo mweupe akiingia sokoni asubuhi akatoka mchana akiwa mwekundu, mwenyewe akamkana. Nimeona mama akipepeta njegere, akapata debe la udongo na kikombe cha njegere. Anayebisha na aje mwezi wa pili, asimame mbele ya steji yetu ya boda, afumbue macho.

Hapo kwenye kufumbua macho ndipo Rajab alipoharibikiwa.

Rajab alikuwa dereva wa boda, wa familia zile za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali. Bila miwani, lori na ng'ombe kwake walikuwa ndugu. Lakini Mungu alimpa nyusi. Hapa Kampala "ndiyo" haisemwi, inanyanyuliwa. Mteja ng'ambo ya barabara ananyoosha kidole, wewe unanyanyua nyusi, mmekubaliana. Na nyusi za Rajab zilikuwa nene, ungeweza kuanika shati juu yake. Mteja akiwa mtaa wa pili, Bwaise, aliziona.

Tatizo lilikuwa miwani. Ndani ya helmeti mikono ya miwani ilimbana nyuma ya masikio. Akishusha kioo cha helmeti akasimama kwenye foleni, pumzi inapanda, miwani inafanya ukungu. Akikiinua kidogo hewa ipite, ukungu unatoka, vumbi linaingia kwa pembeni. Hayo aliyavumilia. Wateja ndio hawakumvumilia.

"Banange, ule iko na miwani," mama mmoja alimwambia mwenzake. "Yeye hapana ona balabala." Wakapanda boda ya Sebit, mwenzetu wa steji, ambaye haoni vizuri na hajawahi kupimwa.

Steji nzima, aliyevaa dawa ya macho yake ndiye aliyeogopwa.

Pale steji alikuwapo mwingine wa miwani, Oketch, Mjaluo wa Kisumu. Yeye alikwenda Kikuubo, kwenye maduka ya mjini, akanunua miwani mikubwa ya mpira, yenye sponji pembeni na mshipi wa kufunga kisogoni, ikakaa juu ya miwani yake ya kawaida. Vumbi halikuwa na mlango. Siku za joto ilimtoa jasho, na kwenye foleni ilishika ukungu kidogo mpaka aondoke, ila jioni alipoivua macho yake yalikuwa meupe kama ya mtoto.

"Chura amefika!" Sebit alipiga kelele. "Oketch, leo umepiga mbizi ziwa gani?"

"Cheka tu, bana. Utakuja kuiazima."

"Niazime nini kwako? Wateja huna!"

Kweli hakuwa nao. Miwani ile ilimmeza nyusi. Mteja akinyoosha kidole, Oketch anakubali ndani kwa ndani, hakuna anayejua.

Rajab aliyatazama yote hayo, akaamua atapita katikati. Akaenda mjini kwa fundi wa macho, mwanamke aitwaye Rosalba, akanunua lenzi laini, zile zinazokaa juu ya mboni yenyewe.

"Sikiliza," Rosalba alimwambia. "Unanawa mikono kwanza. Unaziosha kwa dawa yake, si kwa maji. Maji yoyote yale, hapana. Usilale nazo. Jicho likiwa jekundu, toa, uje. Na kwenye pikipiki kioo chini, au miwani ya mpira juu. Upepo utazikausha, na vumbi likiingia hapo halitoki kirahisi. Tumeelewana?"

Rajab akanyanyua nyusi.

Siku za mwanzo alikuwa bwana harusi. Hakuna ukungu, hakuna cha kumbana masikio, pembeni anaona bila kugeuza shingo. Bi Umulkheir, mwalimu wa madrasa ambaye Rajab alimbeba kila asubuhi mpaka Kibuli, alimtazama akatabasamu. "Mwanangu, kumbe una uso!"

Ila kioo hakushusha. Kilikuwa kimejaa mikwaruzo, maana kila siku alikifuta kikavu kwa ncha ya shati, vumbi likakisugua kama msasa. Jioni, taa za magari zilipasuka ndani yake zikawa fataki. Na hata kingekuwa kipya, kikishuka jua linakimulika, uso hauonekani.

"Rajab, funga kioo," Oketch alimwambia. "Yule mama wa lenzi alikuambia nini?"

"Nikifunga nani ataniona?"

"Wewe utaona. Si ndiyo kazi ya macho?"

"Ndugu yangu Chura, wewe unaona sana. Umebeba wangapi leo?"

Oketch akakaza mshipi wa miwani yake. Hakuwa amebeba hata mmoja.

Mchana mmoja wa upepo, lenzi ya kushoto ikamkaukia jichoni, ikachoma kama pilipili. Rajab akalifikicha. Ikazidi. Akaketi juu ya pikipiki, akaitoa kwa vidole vilevile vilivyoshika mnyororo, akaisuuza kwenye maji ya dumu ya mama muuza nyanya wa kando ya steji, akairudisha.

"Unafanya nini?" Oketch aliruka.

"Nimetoa vumbi."

"Kwa maji ya nyanya?"

"Nyanya si tunakula?"

Usiku ule alichoka akalala na lenzi zake machoni. Asubuhi jicho lilikuwa jekundu, linatiririka machozi. Badala ya kuitoa lenzi akampakia Bi Umulkheir, kioo juu, upepo wote usoni.

"Unalia, mwanangu?"

"Ni upepo tu, Mama."

Kesho yake mwanga wa dirisha ulimwingia kama msumari. Oketch alimkuta chumbani amejifunika blanketi kichwani, akamvisha miwani yake ya mpira, akamweka nyuma ya pikipiki, akampeleka hospitali. Katikati ya jicho palikuwa na doa jeupe.

"Uliosha lenzi na nini?" daktari aliuliza.

"Maji."

"Maji gani?"

Rajab akatazama sakafu kwa jicho moja.

Walimtia matone kila saa, mchana na usiku. Jicho halikung'olewa, lakini kidonda kiliacha kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho, palepale pa kuonea. Anaona kama mtu anayechungulia kupitia karatasi ya mandazi.

"Nitapewa miwani gani?" aliuliza.

"Miwani haiondoi kovu," daktari akasema.

Habari ilipofika steji, kila mtu alishusha kioo. Wengine walikwenda Kikuubo kununua vipya. Tukawa steji ya watu wa maana. Haikumaliza hata mwezi. Wateja walianza kunung'unika kwamba hawatujui, tumefanana na wezi, na vioo vikaanza kupanda kimoja kimoja, kila mtu akitazama mwenzake kwanza.

Rajab sasa anauza nyanya na yule mama, amekaa kwenye kreti akitazama steji. Asubuhi moja alikuja Bi Umulkheir kutafuta boda. Oketch akawasha pikipiki, akasogea.

"Mama, karibu. Kibuli najua mpaka mlangoni."

Bi Umulkheir akaitazama ile miwani ya mpira. "Samahani, baba. Mtu nisiyemwona macho siwezi kupanda boda yake." Akaenda kwa Sebit, kioo juu, jicho moja limeshaanza kuwa jekundu.

"Sebit!" Rajab aliita. "Shusha kioo! Jicho lako hilo!"

Sebit akacheka. "Wewe uliweka plastiki jichoni, ssebo. Mimi yangu iko tupu."

Akapiga kiki, wakaondoka. Vumbi lao likatujia sote pale kwenye nyanya. Rajab akaziba kwa kiganja jicho lililobaki zima. Lile jingine akaliacha wazi.