Nembo ya Wae Lina

Siku binti mchoraji, Nona Yustina Bhoki, alipokuja kutuonyesha nembo mpya, mvua ilikuwa ikipiga bati tangu alfajiri na mlima Inerie haukuonekana kabisa. Tulikaa kwenye chumba cha mikutano cha Chama cha Akiba Wae Lina, pale Wolobela, tukiwa na birika la kahawa na sahani ya ndizi za kuchemsha. Tulikuwa wajumbe wanne wa bodi. Wa tano, makamu wetu, alikuwa amelazwa hospitali ya Bajawa. Mimi nilikuwa katibu. Nimefundisha shule ya msingi ya hapa tangu ujana, na watu wananiita Mwalimu Silvester hata kanisani.

Nisifiche: hatukumtaka. Meneja wetu ndiye aliyemwalika, akasema chama chetu kinaonekana kama duka lililofungwa. Nona Yustina ni mtoto wa hapahapa, mama yake anatoka kijiji cha juu ya soko, lakini alisomea uchoraji wa nembo na matangazo huko Jawa na sasa ana ofisi yake Kupang. Kabla ya siku ile alikuwa amezunguka vitongojini wiki kadhaa, akiketi na wanachama barazani mwao na kuwauliza maswali. Kwa Bapa Klemens Tuku, mjumbe mkongwe kuliko sote, hilo lilikuwa kosa la kwanza.

"Mchoraji anauliza watu maswali ya nini?" alisema kabla binti hajafungua mkoba. "Achore, tuone, tumwambie hapana, aende nyumbani kabla mto haujajaa."

Mama Adelgunda Moi, mweka hazina, alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Angalau anywe kwanza, Bapa. Hapana yako ni chungu, haimezwi na tumbo tupu."

Mwenyekiti, Bapa Rofinus Dopo, hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, kichwa cheupe, shati limepigwa pasi hata siku ya matope. Nyuma yake ukutani ilining'inia nembo yetu ya zamani: mikono miwili inayosalimiana, imezungukwa na suke la mpunga na pamba. Aliipaka rangi yeye mwenyewe chama kilipoanzishwa. Alimwashiria Yustina aanze.

Yustina alisimama. Nilitegemea mashine ya kuonyesha picha ukutani, lakini umeme ulikuwa umekatika, naye hakuonekana kujali. Alitoa makaratasi makubwa, akayageuza chini juu ya meza.

"Bapa Mwenyekiti, Mama, Bapa Klemens, Mwalimu," alisema. "Sikuja kuwaambia kwamba mikono ile ni mibaya. Nimekua nikiiona. Tatizo ni kwamba si yenu. Kila chama cha ushirika toka hapa hadi Ende kina mikono, mpunga na pamba. Kitu ambacho ni cha kila mtu hamwezi kukitetea. Mtu akikishona kwenye kizibao kesho, akapita mlango kwa mlango kukusanya akiba, mtamshtaki kwa kosa gani? Kwamba ana mikono?"

Kisha akageuza karatasi la kwanza. Lilikuwa na maumbo matatu meusi, manene, yamekaribiana kama yanayoteta jambo, na katikati yake nafasi nyeupe yenye umbo la ndimi za moto.

Bapa Klemens akaegemea mbele.

"Mayai," alisema.

"Mafiga, Bapa."

"Naona mayai matatu. Watu watakuja na trei."

Hata Yustina alitabasamu. "Ndiyo maana nililipeleka kwa watu kwanza. La kwanza lilikuwa la duara tupu, na mabibi waliniambia neno hilohilo. Hili nimelichonga pembe, nikaacha moto katikati. Niliwaonyesha wasiojua kusoma, nikiwa nimesimama ng'ambo ya barabara. Wakasema: jiko." Akageuza karatasi jingine, nembo ileile ikiwa ndogo kama kifungo cha shati, kisha kubwa kama kiganja, kisha jingine lililotolewa nakala mara nyingi hadi likafifia. "Huu ni muhuri wa mpira. Hili ni jalada la kitabu cha akiba. Hii ni nakala ya nakala. Rangi ikitoka, umbo linabaki. Mikono yenu ikitolewa nakala inageuka doa."

Ilikuwa kweli. Mimi ndiye ninayetoa nakala.

"Mpake mbuzi rangi, bado ni mbuzi," alisema Bapa Klemens. "Watu wanalalamika mikopo inachelewa. Mafiga yataharakisha mkopo?"

"Hayataharakisha, Bapa. Na kama mikopo itaendelea kuchelewa, baada ya mwaka watu wataona mafiga na kukumbuka kuchelewa. Nembo ni ahadi tu. Ndiyo maana pendekezo langu lina sehemu ya pili: asiwepo mtu wa kupokea akiba nje ya ofisi bila kizibao chenye alama hii, kitambulisho chenye picha yake, na risiti hapohapo. Na mwanachama afundishwe kwamba bila vitu hivyo vitatu asitoe hata rupia moja. Vitabu vya zamani viendelee kutumika mpaka vijae, tusichome fedha za watu kwa haraka. Kwanza bango na vizibao, mengine yafuate."

Mama Adelgunda alikuwa ameanza kuandika gharama pembeni mwa karatasi. Nilimjua. Mama akianza kuandika gharama, ameshaanza kukubali.

Kisha Yustina akaharibu. Akageuza karatasi la mwisho, na chini ya mafiga palikuwa na jina jipya: Cahaya, yaani nuru.

"Hilo ni jina la saluni," alisema Mama Adelgunda, akaweka kalamu chini.

"Jina hatuna hata ruhusa ya kuligusa," nikasema. "Limo kwenye katiba ya chama. Ni mkutano mkuu wa wanachama tu unaoweza kulibadili, kisha wizarani."

"Najua, Mwalimu. Naomba tu mlipeleke kwao."

"Wae Lina ni maji ya kisima walichonywea wazee wetu," alisema Bapa Klemens, na sasa hakuwa na mzaha. "Unataka kutuzimia maji na kutuwashia taa. Binti, nakuuliza swali moja tu. Umezunguka huko wiki nzima nzima. Nitajie mtu mmoja, mmoja tu, aliyeumizwa na ile mikono ukutani. Ukimtaja, nakupigia kura."

Yustina alishika ukingo wa meza.

"Yupo," alisema.

"Nani?"

"Nilimwahidi sitamtaja."

"Ah!" Bapa Klemens akapiga paja. "Hata mimi namjua mtu aliyeona nyoka mwenye vichwa viwili. Nilimwahidi sitamtaja."

"Bapa, amekaa na jambo hili peke yake. Watu wawili walikuja kwake na vizibao vyenye mikono. Aliamini ni watu wa chama. Aliwapa akiba aliyomwekea mwanawe wa kwenda chuo, msimu mzima, kila Jumamosi. Kisha hawakuja tena. Mtoto yuko Sabah sasa, ng'ambo, kwenye mashamba ya michikichi. Hilo ndilo ninaloweza kusema. Kama kura yangu inategemea jina lake, basi nimeikosa."

Akaanza kukusanya makaratasi. Mvua ilikuwa imepungua, na ndani ya ule utulivu nikasikia kiti cha mwenyekiti kikisogea.

"Anauza soko la Jumamosi?" aliuliza Bapa Rofinus. "Pale penye wauza njugu za kemiri?"

Yustina hakuinua uso. "Bapa, tafadhali usiniulize."

Hakumuuliza tena. Alikaa huku viganja vyake viwili vimelala mezani. Nilikuwa nimemjua miaka mingi na sikuwahi kuona uso wake ukiwa hivyo, kama wa mtu anayesomewa hukumu kwa lugha anayoielewa vizuri.

"Ni Wilfrida," alisema. "Dada yangu."

Alisogeza kikombe chake kando, akaendelea.

"Alinijia baada ya Pasaka. Aliniuliza, kaka, mbona watu wako wameacha kupita Jumamosi? Nikamwambia chama hakina watu wa kupita. Akasema wana mikono kifuani, mikono yako. Nikamwambia anaota. Nikasema hivyo mbele ya wanawe, kwa sauti. Nikamwambia mtu wa miaka yake anapaswa kujua chama cha kaka yake. Akaondoka. Hakurudia. Nami nikajisahaulisha, kwa sababu ningekubali, ningelazimika kuleta mezani hapa kwamba picha niliyoichora mimi ndiyo iliyomfungulia mwizi mlango."

Mama Adelgunda alimsogelea, akamwekea mkono begani. "Bapa, mwizi ndiye aliyefungua."

"Mwizi alitumia ufunguo wangu."

Bapa Klemens akasema kwa sauti ya chini, "Niliahidi kura. Lakini jina libaki la maji. Nona, usinichukulie vibaya. Jina libaki."

"Litakwenda kwa wanachama," nilisema, "wao waamue."

Tukapiga kura. Nembo, vizibao na risiti vilipita kwa kura zote nne. Bapa Rofinus aliomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba alama isajiliwe kabla haijatundikwa popote, ili yeyote atakayeiiga apelekwe mahakamani. Tena akaomba suala la watu wale wawili lipelekwe polisi, na yeye mwenyewe awe shahidi.

Nilimsindikiza Yustina hadi barabarani. Alikuwa analia bila kujificha.

"Mwalimu, nimeuvunja ule uaminifu?"

"Hukumtaja."

"Lakini niliposema Sabah, nilijua mwenyekiti angemtambua."

Nilimshikia mwavuli mpaka gari likaja.

Watu wale wawili hawajapatikana mpaka leo. Kwenye mkutano mkuu wanachama walilikataa jina la Cahaya kwa kelele na vicheko, na Yustina, aliyekuwa amekaa nyuma, alipiga makofi pamoja nao. Bango la mafiga lilipandishwa mwezi wa Agosti. Watoto wanaliita mayai, na hakuna anayewakataza.

Kuhusu Wilfrida, Bapa Rofinus alikwenda kwake Jumapili ya wiki ileile baada ya misa. Alikwenda kwa miguu, na mkewe akiwa nyuma yake amebeba kuku na chupa ya moke, pombe kali ya kienyeji, kama watu wanaokwenda kuomba msamaha wa ukoo. Mkewe ndiye aliyenisimulia. Anasema Wilfrida aliwakaribisha, akapika mihogo, akawamiminia kahawa. Kaka mtu alisema yote aliyokuja kuyasema. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwenye sarungi yake.

Kisha akasema, "Mtoto hupiga simu Ijumaa. Njoo Ijumaa uzungumze naye mwenyewe."

Ndivyo alivyofanya. Walizungumza nini, hilo mkewe hakunieleza, nami sikuuliza.