Mistari Miwili ya Bi Mahira

Damu ya kuli Masha, aliyekimbizwa hospitali, haijakauka juu ya magunia ya mchele, na Bwana Bramwel, msimamizi wa ghala, keshaitaka taarifa. Ghala lile la Kilindini lina desturi yake: likitokea jambo asubuhi, karani Bi Mahira huliandika na kulituma kwenye simu za makuli wote kabla ya zamu ya mchana kuingia. Mistari miwili, basi. Ikizidi, asema Bramwel, hawasomi, wanangoja picha.

Mbele yake Bi Mahira alikuwa na maneno ya Ndinda, muuza chai aliyeona yote. Ndinda husema kama apigiliaye misumari: "Joab alimsukuma Ngumbao. Ngumbao alianguka. Ngumbao aliinuka. Masha alikuja kuwaamua. Joab alimpiga Masha kulabu ya bega."

Na kulabu ya kunyanyulia magunia, ikiingia begani, haitoki bure. Hutoka na nyama.

"Majina yote haya, kama shanga za mwali!" alinung'unika Bi Mahira. Akakata hapa, akaunga pale, akajiona fundi: *Joab alimsukuma Ngumbao akaanguka, akainuka na kumpiga Masha kulabu ya bega alipokuja kuwaamua.* Mistari miwili kamili. Akaituma, akaenda zake kuswali adhuhuri.

Aliporudi alisikia kishindo. Kaka wawili wa Masha walikuwa wamemwangusha Ngumbao sakafuni. Teke la mbavu. Nondo ya goti, na goti likalia kama muhogo mkavu. Ngumbao alitema meno mawili, akatafuta pumzi ya kupigia ukelele asiipate. Na aliyepiga kwa bidii kuwashinda wenye uchungu wao ni nani? Joab! Jasho lamtoka, mkono wapanda na kushuka.

"Mwacheni! Siye!" Bi Mahira alipiga kelele.

"Siye vipi, na umeandika wewe mwenyewe?" Kaka mkubwa alimsukumia simu usoni. "Soma!"

Akasoma. Aliyeanguka ndiye aliyeinuka, na aliyeinuka ndiye aliyepiga. Hivyo ndivyo mistari ilivyosema, na aliyeanguka ni Ngumbao. Jina la Ngumbao lililorudiwa halikuwa na kazi, kulitupa ni sawa. Lakini pale kitendo kilipohama mtu, jina la Joab lilikuwa limebeba roho, naye alilifagia pamoja na takataka.

Nondo ikapanda tena. Kulitaja jina la Joab pale pale ni kubadilisha nyama tu, moto ukabaki ule ule. Bi Mahira akalainisha sauti kama mtu aitaye kuku.

"Joab mwanangu, njoo utie sahihi maelezo yako. Polisi wa bandari nimewaita, na shahidi wa kwanza ndiye husikizwa."

Joab akajipangusa, akatabasamu.

"Hiyo nondo iache nje, baba. Sakafu nimeipiga deki leo."

Akaiacha. Akaingia ofisini, akavuta kiti. Bi Mahira akatoka, akazungusha ufunguo mara mbili, akautia kifuani pasipofikiwa na mwanamume tangu marehemu mumewe azikwe. Kisha akajitupa kati ya nondo na kichwa cha Ngumbao.

"Sikizeni maneno ya Ndinda kama yalivyostahili kuungwa! Ngumbao alisukumwa na Joab, akaanguka, akainuka. Masha, alipokuja kuwaamua, alipigwa kulabu ya bega na Joab."

Kaka mdogo aliitazama damu mikononi mwake.

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Nilifupisha maneno, nikampoteza mtu. Kosa ni langu. Nipigeni mimi, kama mwaweza kumpiga mama mkubwa kama mimi."

Hawakumpiga. Waliuparamia mlango. Nondo ya kwanza ilipasua ubao, ya pili ikatokea upande wa pili.

"Bi Mahira, nifungulie!" Joab alilia ndani. "La! Usifungue! Usifungue!"

Bawaba moja ilikuwa imeng'oka polisi walipofika. Walimtoa Joab amejikojolea, wakawatia pingu na wale kaka, mmoja akiapa bado kwamba angemla ini.

Ngumbao alilazwa kwenye machela. Bramwel, uso mweupe, akanong'ona kwamba zamu ya mchana ingoja taarifa. Mistari miwili.

Bi Mahira akaandika. Akanyanyuka kwenda kuituma. Vidole vyenye damu vikamshika kanga.

"Nisomee mimi kwanza," Ngumbao alisema kwa mapengo.

Akasoma: "Kaka za Masha na Joab walimvunja Ngumbao goti..."

"Ngoja, mama. Joab naye ni kaka yake Masha?"

Bi Mahira akaifuta. "Joab na kaka wawili wa Masha," akaandika. Akamtazama.

"Haya," akasema Ngumbao. "Endelea. Pole pole."

Wabeba machela wakasubiri mpaka mstari wa tano.