Stabilaiza Nene

Tangu mke wa Fundi afariki, nyumba yake ilichangamka Jumapili tu, siku aliyomfuata kwa gari lake dada yake mkubwa, mjane mwenye mgongo mbovu, wakale pamoja. Asipokuja dada, hakuna mwingine wa kuja.

Siku moja dada akalalamika kwamba kwenye kona gari linalala mno na kichwa kinamzunguka. Fundi akafurahi, maana kazi yake ndiyo hiyo, miguu ya magari. Akatoa stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, akafunga nene zaidi. Gari likitaka kulalia upande mmoja, fimbo hujisokota na kulikatalia. Akalijaribu peke yake kwenye lami nzuri. Halikulala. Akaongeza mwendo, likabaki wima. Akajisifu, na hapakuwa na wa kumsikia.

Jumapili dada akapanda nyuma kama kawaida. Kona walizikata upesi. Lakini barabara ya kwake ina mashimo ukingoni, na aliposhuka alikuwa ameshika kiuno. Chakula alikigusa tu. Wiki iliyofuata akapiga simu: asifuatwe. Na iliyofuata vilevile. Fundi alikula akiutazama ukuta.

Mwisho akamwomba jirani yake, mpiga rangi wa magari, aliendeshe gari hilo, yeye akakaa nyuma, pale anapokaa dada. Kwenye tuta, magurudumu yote mawili yalipanda pamoja na fimbo haikuwa na la kusema. Kwenye shimo ndipo alipokoma. Gurudumu la kushoto lilitumbukia peke yake, fimbo nene ikaupeleka mshtuko hadi kulia, na Fundi akarushwa huku na huku kama gunia. Mpiga rangi akamcheka kwamba daktari amekunywa dawa yake mwenyewe. Fundi hakucheka. Alikuwa ameinyoosha kona kwa kuuvunja mgongo wa dada yake, na hakuwahi kukaa pale kujua.

Akarudisha fimbo ya zamani, akaenda kwa dada kuomba radhi. Akamweleza yote: fimbo ikiwa nyembamba gari litalala kwenye kona, ikiwa nene litapiga kwenye mashimo, hakuna ya kumaliza yote mawili.

Dada alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi sikukuomba chuma, mdogo wangu. Nilitaka upunguze mwendo."

"Tungechelewa kufika, dada."

"Kufika wapi? Nikishuka kwako nakula, narudi, nafunga mlango wangu. Wiki nzima sina wa kusema naye. Njiani ndiko ninakoongea na mtu."

Fundi akachukua ufunguo wa gari. Alimshika mkono, akampandisha mbele, karibu naye. Kwenye kona ya kwanza alipunguza mwendo mpaka madereva wa nyuma wakapiga honi, na dada akaanza kumsimulia habari za marehemu mumewe, ambazo Fundi hakuwahi kuziuliza.