Bei ya Sare ya Plamedie

Jumatatu ile ya Septemba 2022 pauni ilipoporomoka, Placida aliuza vipande viwili vya mwisho vya kitenge cha bluu kwa bei ya Julai. Akamkunjia mteja vizuri, akamwongezea na kibiringo cha uzi bure.

Lilian alisubiri mlango ufungwe. Alikuwa mtoto wa kaka yake Placida. Alikuwa amemaliza chuo mwaka huo, na siku ambazo hakuwa na kazi ya ofisini alimsaidia shangazi yake katika duka lake dogo la vitambaa mtaani Barking.

"Shangazi, vile viwili umeviuza rahisi mno."

"Rahisi vipi? Nilinunua pauni ishirini na nne, nimeuza thelathini."

"Ulinunua Julai. Kununua vingine kama hivyo leo ni ishirini na saba."

Alisema kwa sauti ndogo, macho kwenye simu. Kila alipofungua ukurasa wa benki, pauni ilikuwa imepungua tena. Julai pauni moja ilipata dola moja na senti ishirini. Asubuhi hii ilipata dola moja na senti nane, na vitenge vilinunuliwa Dubai kwa dola.

"Senti kumi na mbili tu," alisema Placida.

"Pauni imeshuka sehemu moja ya kumi, Shangazi. Faida yetu imekatika nusu. Ilikuwa pauni sita kwa kipande, sasa ni tatu."

Placida aliacha kukunja. Alijua Lilian anaelekea wapi. Kitenge kile kilikuwa sare ya wageni wa harusi ya binti aitwaye Plamedie. Wanawake wa kwanza mia moja walikwisha kuchukua vyao, na bado watu mia mbili walikuwa wakisubiri. Benki kulikuwa na pauni elfu tano na mia nane: elfu nne na mia nane za vitenge hivyo, pamoja na usafiri na ushuru wake, na elfu moja ya kodi ya duka. Kodi ilitakiwa Ijumaa. Mwenye jengo alikwisha kumvumilia mara mbili, na mara ya tatu alisema atabadilisha kufuli.

Kwa bei ya leo vitenge vilitaka elfu tano na mia nne.

Simu ya Placida ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Tarsem, wakala wa Dubai: mzigo ameushikilia mpaka saa sita mchana. Kuna mnunuzi mwingine, na kiwanda hakichapi tena ua lile.

"Pandisha bei basi," alisema Placida. "Iwe thelathini na tatu."

"Kwa nani? Mama Josée ameshatangaza thelathini."

Na kweli alikwisha kutangaza. Josée alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi na shangazi wa bibi harusi, mwanamke wa Bukavu ambaye sauti yake ilitosha kanisa bila spika. Kwao bei ya sare hutajwa mara moja. Aliyelipa zaidi ya mwenzake hujiona ametukanwa, na aliyelipa pungufu huitwa mtoto wa kamati, yaani anayependelewa. Placida ndiye aliyempa bei hiyo mwezi Julai, kwa mdomo, bila kusema itadumu hadi lini.

Josée aliingia na mwavuli unaotiririka, kabla hawajakubaliana namna ya kumwambia.

"Ma Placida! Vitambaa vya batu bangu viko wapi?"

"Karibu, dada. Keti kwanza."

"Ukiniambia niketi, najua kuna maneno." Hakuketi. "Sema."

Placida akasema kwamba sasa ni thelathini na tatu. Alizungukazunguka, akataja pauni, serikali, dola, hata mvua. Josée alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miye nilishaambia batu bote pauni makumi tatu. Iko kwenye grupu. Sasa niandike nini? Kwamba Josée amekula tatu-tatu za watu?"

"Hakuna anayesema umekula."

"Wewe huwajui ba-mama wa mtaa wa Hayes! Ukiongeza hata pauni moja, oda yote inaenda Kilburn. Kwa Vijay, yule mwenye duka."

Ilikuwa saa tano na robo. Oda ikienda Kilburn, kitenge hakikuwa na mnunuzi mwingine. Ikibaki kwa thelathini, kodi haikuwepo. Placida alimtazama Lilian kama mtu anayetafuta pa kushika.

Lilian alihisi masikio yakiwaka. Angependa sana kwenda nyuma kuchemsha chai.

"Mama," alisema, "mpigie Vijay sasa. Muulize kama anacho kwenye rafu au anayo bei tu."

"Huyu binti anaongea?" Josée alicheka kidogo, kwa mshangao. Lakini akapiga, akaweka spika.

Vijay alikuwa mzaliwa wa Mombasa. "Lile ua la bluu? Rafuni sina, nitaagiza. Leo ni thelathini na tano, mama. Na ulipe leo hii. Kesho hata mimi sijui nitakwambia nini, wallahi."

"Wiki jana ulisema makumi tatu!"

"Wiki jana pauni ilikuwa nzima."

Josée akakata simu. Sasa akaketi.

"Hata hivyo siwezi kubadilisha," alisema, safari hii bila ukali. "Watanisema mpaka mtoto azae."

Lilian alikuwa akifikiria harusi alizowahi kuhudhuria, na mashati ya wanaume. "Mama, katika hao mia mbili, wanaume ni wangapi?"

"Mia na makumi mbili. Wanawake bamesha kuchukua mapema, si unabajua."

"Na kila mwanaume ananunua yadi sita?"

"Kipande ni yadi sita."

"Shati linatumia tatu. Zinazobaki zinakwenda wapi?"

Josée alifikiri, halafu akaguna. "Za mume wangu zimeishia kuwa mapazia, za harusi tano."

"Basi tukate katikati. Mwanamke kipande kizima, thelathini ileile, hakuna aliyezidishiwa. Mwanaume nusu, kumi na nane."

Placida alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa anapiga hesabu: nusu mbili ni thelathini na sita, toa ishirini na saba. Badala ya vipande mia mbili wangenunua mia na arobaini. Pauni elfu tatu na mia nane hivi, na kodi ingebaki benki. Faida isingefika ile ya Julai, lakini ingezidi nusu yake.

"Kumi na nane," Josée alirudia. "Wanaume watanibeba juu." Kisha akakunja uso. "Na kesho utaniambia makumi mbili?"

"Ukitoa malipo ya awali sasa hivi, hapana," alisema Lilian. "Tunamlipa Tarsem dola zake saa hii hii. Tukishalipa, pauni ishuke inavyotaka, bei yako haigusiki."

Josée alimtazama Placida. "Huyu ulimficha wapi?" Akafungua mkoba.

Saa sita kasoro dakika chache Lilian alibonyeza kutuma malipo. Dakika mbili baadaye Tarsem alijibu kwamba amepokea.

Simu ya duka ikalia. Ilikuwa kamati nyingine, ya harusi ya Desemba, ikiuliza bei ya kitenge. Placida alivuta pumzi, na Lilian akamwona akijizuia kusema thelathini.

"Bei ya leo ni thelathini na nne," alisema Placida. "Mkilipa leo. Kesho mnipigie tena."

Alisikiliza kidogo, akiwa amekaza uso.

"Hapana, baba. Kushikilia bei bila malipo, siku hizi sishikilii."