Taarifa ya Misingi, Kurasa Mbili

Ofisini walimwita Profesa, na kwa muda mrefu mwenyewe aliamini wanamsifu. Alikuwa mhandisi wa miundo, mtu wa kupiga hesabu safi na kuzieleza mpaka msikilizaji aanze kutafuta mlango kwa macho. Hata mkewe alikuwa na desturi ya kumwambia, "Baba, anzia mwisho."

Safari hii alikuwa na jengo la ghorofa tatu, fremu ya zege na nondo, mali ya mama mmoja mwenye duka la vitabu vya shule. Kabla ya kuchora nondo hata moja, ilibidi mwenye mali, msanifu majengo na mhandisi wakubaliane kwa maandishi jengo linatumikaje, linabebeshwa nini na linasimama juu ya udongo gani. Profesa alichukua rundo lake la hesabu za awali, akalipiga chapa lote, na ikatoka Taarifa ya Misingi, yaani misingi ya makubaliano hayo, nene kama kitabu cha sala. Aliipeleka kwa mteja akitembea kifua mbele.

Wiki mbili zikapita bila jibu la mteja. Mkuu wa ofisi, mama mtu mzima aliyekuwa mhandisi tangu Profesa akiwa na kaptula, akaifungua nakala yake katikati.

"Hapa unanieleza jinsi ulivyojaribu boriti nyembamba ikakataa."

"Ndiyo, Mkuu. Ili msomaji aone nilipotoka."

"Msomaji anataka kujua ulipofika. Kurasa mbili, mwanangu. Jaribio libaki kwenye faili la hesabu."

Profesa alirudi mezani kwake kama aliyefiwa. Alikata maelezo ya upepo, mazuri kweli, yakabaki mstari mmoja: fremu zenyewe, kwa viungo vya nguzo na boriti, ndizo zinazopinga upepo pande zote mbili. Alikata historia ya vipimo vya udongo, akabakiza uwezo wa udongo na tarehe ya ripoti. Kila alipofuta aya alihisi ulimwengu umepungukiwa.

Alipofika kwenye zege, akakwama. Karatasi za boriti zilisema zege la nguvu ya daraja la 25. Za nguzo zilisema 30. Katika taarifa nene namba hizo ziliishi mbali kama ndugu waliogombana. Sasa zilikaa mstari kwa mstari, zikimkodolea macho. Hakukumbuka hata kidogo kwa nini zilitofautiana. Aliandika 30 kote, lile lenye nguvu zaidi, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Kikao kilifanyika ofisini kwa msanifu majengo, Mkuu naye akiwepo. Mwenye duka alivaa miwani, akasoma kurasa zote mbili bila kunyanyua kichwa. Kisha akaweka kidole.

"Hapa ghorofa ya pili mmeandika ofisi."

"Ndiyo, mama," Profesa alisema. "Sakafu ibebe mzigo wa kilonewtoni mbili na nusu kwa kila mita ya mraba, na moja juu yake kwa ajili ya kuta nyepesi."

"Mimi pale naweka vitabu. Rafu mpaka darini."

Msanifu majengo akakohoa. Mchoro wake wa kwanza kabisa ulikuwa umeandikwa "ofisi", na Profesa alilibeba neno hilo kurasa zote bila kumuuliza mtu. Bohari ya vitabu ilihitaji sakafu ya kubeba saba na nusu, mara tatu ya ofisi.

"Lakini mama, hata kwenye ile taarifa ya kwanza ilikuwepo," alisema, akijitahidi sauti isilalamike. "Ukurasa wa kumi na nne."

"Baba, juu iliandikwa Taarifa ya Misingi. Nikajua ni habari za huko chini ardhini, mambo yenu wataalamu. Nikaiweka juu ya friji."

Mkuu aligeukia dirishani. Mabega yake yalitikisika. Profesa alitaka kukasirika, ila picha ya kazi yake ikilala juu ya friji ilimshinda, akacheka mwenyewe kuliko wote.

Walizungumza mpaka wakaelewana. Vitabu vingekaa nusu ya ghorofa tu, upande wa nyuma. Boriti za hapo zingeongezwa kimo, nguzo na misingi iliyo chini yake ipigiwe hesabu upya. Msanifu alinung'unika kuhusu dari kushuka, kisha akakubali.

Profesa aliandika sharti jipya palepale: bohari iwe upande wa nyuma peke yake, mzigo saba na nusu, rafu zisivuke mstari wa nguzo za kati. Halafu akaongeza sentensi tatu za kueleza kwa nini. Mkuu alinyoosha mkono, akazikata zote tatu kwa kalamu yake, akampa mwenye duka asaini.

Mama alisaini, kisha akamuuliza Profesa kwa upole kama jengo litakuwa imara.

Profesa alivuta pumzi ndefu. Watu wote mezani wakamtazama.

"Litakuwa," alisema, akafunga mdomo. Ilimuuma mpaka jioni.